Ubaki au Uondoke? Mwongozo Kamili wa Sini za Baada ya Majina kwa Mtu Anayewahi Daladala ya Mwisho

Nimeandika hii sababu nimechoka kuulizwa swali lile lile: muvi ikiisha na majina ya walioitengeneza yakianza, nibaki nisubiri kipande cha ziada au niondoke? Kila ikitoka muvi kubwa, Jumatatu yake napata meseji za watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyenyanyuka steling alipobusu tu, akatoka zake, kesho yake kazini wenzake wanabishana kuhusu kipande ambacho yeye hajakiona. Wa pili ndo ananiuma zaidi, huyu kakaa mpaka taa zote zimewashwa, kasoma majina ya watu mia nane asiowajua, hakuna kilichotokea, na daladala ya Buhongwa imeshaondoka, bodaboda anamwambia elfu kumi.

Mimi nimekuwa wote wawili. Mwaka 2019 nilikaa na Avengers: Endgame, muvi ya dakika 181, nikasubiri mpaka mwisho kabisa nikijua kuna kitu. Kilichokuja ni sauti ya nyundo ikigonga chuma, ko ko ko, basi. Hata picha hamna. Baadaye nikajua ni sauti ya Tony Stark anatengeneza lile vazi lake la kwanza kwenye Iron Man ya 2008, na kwa shabiki kweli inagusa moyo, ila mimi usiku ule nilikuwa nimesimama barabarani saa saba kasoro sina hata wa kumwambia kwamba imenigusa.

Kwahiyo twende hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

Simu yenye bando kidogo, MB chache tu zinatosha. Saa inayosema ukweli (ya simu inatosha). Urefu wa muvi kwa dakika, uandike mahali. Muda wa usafiri wako wa mwisho, ule wa kweli, sio ule anaosema konda. Na ukubaliane kabisa na mliyeenda naye kwamba nani anaamua, sababu nimeona wachumba wanagombana mlangoni mmoja anataka kubaki mwingine ana mkojo.

Hayo tu. Ukiwa na hivyo vitano huhitaji kubahatisha.

## Hatua ya 1: Elewa kwanini wanaiweka pale

Usiruke hii, maana ukijua sababu ya kipande kuwekwa mwishoni unaweza kukisia kama kipo na kama kina uzito.

Majina ya mwisho ni marefu kwa sababu kazi ya muvi kubwa siku hizi inafanywa na watu wengi mno, hasa wale wa kompyuta wanaochora moto na majoka, na mikataba ya vyama vya wafanyakazi kule Hollywood inadai watu watajwe. Zamani majina makubwa yalikuwa yanawekwa mwanzoni, siku hizi muvi nyingi zinaanza moja kwa moja na vurugu, majina yote yanasukumwa nyuma. Matokeo yake muvi kubwa ya mapigano inakuwa na majina ya dakika nane, kumi, wakati mwingine zaidi. Hapo mtengenezaji ana dakika kumi za giza na muziki ambazo tayari zinalipiwa kwenye ukumbi, na watu waliobaki ndani ni wale wale wanaoipenda sana kazi yake. Lazima apate wazo la kuwauzia kitu.

Na anachouza mara nyingi ni muvi ijayo. Kwenye Iron Man ya 2008 baada ya majina yote anatokea Samuel L. Jackson gizani kwa Tony Stark, anaongea maneno machache kuhusu kukusanya kikosi, imekwisha. Haichukui hata dakika moja, na ikawatangazia watu kwamba hii sio muvi moja, ni mlolongo. Ni tangazo, ila ni tangazo ulilolilipia wewe na ukalifurahia, ndo maana wenzao wote wakaiga.

Sasa kwanini wasiiweke tu ndani ya muvi? Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Stori ina mwisho wake, umelia, umepumua, imefungwa. Ukiingiza pale pale jitu jipya linacheka gizani unaiharibu ile hisia. Majina yanafanya kazi ya ukuta. Muvi inaisha kiheshima upande huu, biashara na utani vinakaa upande wa pili, na asiyetaka anaondoka bila kupungukiwa kitu. Kwahiyo kanuni ya kwanza: mtengenezaji mwenye akili haweki nyuma ya majina kitu ambacho bila hicho stori ya leo haieleweki. Ukiondoka mapema hujakosa mwisho. Umekosa mwanzo wa nyingine, au kichekesho.

Kichekesho nacho kina sababu yake, ni rahisi kukitengeneza. Ile ya The Avengers ya 2012 ambapo wameketi wote kimya wanakula shawarma wamechoka, ilipigwa baada ya muvi kuwa imeshazinduliwa Los Angeles. Chris Evans alikuwa na ndevu za kazi nyingine ndo maana uso wake ameuficha na mkono. Watu wazima wanatafuna, hakuna hata neno, na watu hawajaisahau mpaka leo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kujibu: muvi ninayoenda kuangalia inajitegemea, au ni behewa la treni? Behewa lina uwezekano mkubwa sana wa kuwa na kipande. Muvi ya mapenzi inayojitegemea, ya kihistoria, ya mahakamani, uwezekano ni mdogo, na hapo ukitaka nenda zako bila kugeuka.

## Hatua ya 2: Tafuta jibu kabla, bila kuharibiwa utamu

Hii ifanye mchana, sio ukiwa ndani ya ukumbi unawamulikia wenzio simu machoni.

Njia ya haraka ni kuandika jina la muvi ukaongeza `after credits`. Kuna saiti kama `aftercredits.com` na `mediastinger.com` ambazo kazi yao ni hiyo tu, zinakupa jibu la ndiyo au hapana kwanza, maelezo ya kilichomo yapo chini na huna haja ya kushuka. Kuna na app inaitwa RunPee, ilitengenezwa kwa ajili ya kukwambia dakika gani utoke kwenda chooni bila kukosa cha maana, nayo inakwambia kama kuna kitu baada ya majina.

Onyo kubwa: Google yenyewe inaropoka. Unaandika swali la ndiyo au hapana, inakuletea aya nzima juu kabisa imeandikwa nani katokea na kafufuka vipi. Mdogo wangu aliharibiwa hivyo hivyo akiwa kwenye foleni ya bisi.

Mimi ninayoipenda ni ya TMDB, saiti yenye taarifa za muvi, `themoviedb.org`. Fungua ukurasa wa muvi, shuka mpaka kwenye orodha ya keywords, angalia kama kuna hizi:

```
duringcreditsstinger
aftercreditsstinger
```

La kwanza maana yake kuna kipande katikati ya majina. La pili maana yake kipo mwisho kabisa. Yakiwepo yote mawili, vipo viwili. Utamu wake ni kwamba haikwambii kingine chochote, hakuna jina la mtu, hakuna picha. Udhaifu wake ni kwamba yanajazwa na watu wa kawaida waliojitolea, kwahiyo siku ya kwanza ya muvi mpya kabisa inawezekana hakuna aliyejaza, na kutokuwepo kwa neno sio ushahidi kwamba kipande hakipo. Subiri siku mbili tatu au tumia njia nyingine.

IMDb nayo ina sehemu inaitwa Crazy Credits, iko sahihi mara nyingi ila inasimulia kila kitu, ile ifungue ukisharudi nyumbani.

Umefaulu ukiwa na: jibu moja kati ya manne. Hamna. Kipo katikati. Kipo mwisho. Vipo vyote. Liandike karibu na dakika za muvi.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya saa

Watu wengi hawajui kwamba ule urefu wa muvi unaoandikwa ni pamoja na majina, na pamoja na kipande cha mwisho kama kipo. Dakika 161 sio stori ya dakika 161, ni stori pamoja na majina mpaka giza la mwisho. Hii ina maana unaweza kujua kila kitu kitaisha saa ngapi kwa dakika, na ndo silaha yako.

Fanya hivi. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi isahau, hiyo ni ya matangazo na trela. Ngoja nembo ya kwanza ya studio itokee kwenye muvi yenyewe, chungulia saa mara moja (punguza mwanga wa skrini tafadhali), kumbuka ile dakika. Jumlisha urefu wa muvi. Hiyo ndo saa ya mwisho wa kila kitu.

Majina yakianza, chungulia tena. Toa. Kinachobaki ndo bei ya kubaki. Ikiwa ni dakika nne, jamani kaa tu, umalizie na bisi. Ikiwa ni kumi na mbili na daladala yako ya Kisesa inaondoka baada ya kumi na tano, sasa hapo ndo unaamua kama mtu mzima, na hatua zinazofuata zinakusaidia.

Onyo: kama ukumbi unaweka mapumziko katikati, kama wanavyofanya sehemu nyingine kwenye muvi ndefu za Kihindi, ongeza dakika za mapumziko, usije ukajiona fundi wa hesabu kumbe umekosea robo saa.

## Hatua ya 4: Tofautisha majina yanayokaa na majina yanayopanda

Hapa ndo wanapofeli wengi, wanaona majina wanadhani majina ni majina. Hapana. Kuna mafungu mawili na yanatofautiana hata kwa macho.

Fungu la kwanza ni majina yanayokaa. Jina moja au mawili, makubwa, yamepambwa, nyuma yake kuna michoro au picha, yanabadilika kwa mdundo wa muziki. Huyu mwongozaji, huyu mtayarishaji, hawa ndo waigizaji wakubwa. Ni yale yale ambayo zamani yangekuwa mwanzoni. Yanachukua dakika mbili, tatu hivi. Kwenye Endgame ndo pale waigizaji sita wa kwanza wanaweka sahihi zao moja moja.

Fungu la pili ni majina yanayopanda. Skrini nyeusi, maandishi meupe madogo, yanatoka chini kwenda juu kama maji yanayochemka, hayakomi.

Kipande cha katikati kinakaa kwenye mpaka wa haya mafungu mawili. Majina mazuri yanaisha, giza la sekunde moja hivi, kinatokea. Ndo maana kukingojea hakukugharimu kitu, ni dakika tatu kwa hesabu ya kawaida. Kama hukusoma hatua nyingine yoyote ya mwongozo huu, shika hii tu: usinyanyuke kabla majina hayajaanza kupanda. Ukiona maandishi madogo yanapanda na hakuna kilichotokea, kipande cha katikati hakipo, imebaki ile ya mwisho peke yake.

Na kuna tabia niliyoiona baada ya kuhesabu nyingi: vikiwa viwili, cha maana huwekwa katikati, cha mwisho ni utani au ka-stori ka pembeni. The Avengers, katikati tunaonyeshwa kwa mara ya kwanza lile jitu la zambarau lililokuwa nyuma ya vita yote, mwisho ni shawarma. Spider-Man: Homecoming ya 2017, katikati adui yuko gerezani anaulizwa siri, mwisho anatokea Captain America anakuhutubia kuhusu subira, kwamba wakati mwingine unasubiri sana kitu ambacho wala hakikustahili. Wanakucheka kabisa usoni, na umelipa. Sababu ya mpangilio huu iko wazi, watu wengi wako bado wamekaa kwenye dakika ya tatu, kwenye dakika ya kumi wamebaki wale wagumu.

Ila usiifanye sheria. Avengers: Infinity War ya 2018 haina kitu katikati, ina kimoja tu mwisho kabisa, na ni kizito, Nick Fury, yule yule wa Samuel L. Jackson, anatuma ishara kabla hajapeperuka kama majivu. Kikiwa kimoja peke yake na kiko mwisho, hapo huwezi kujua uzito wake kwa mahali kilipo. Na Black Panther ya 2018 mwisho wake sio utani, ni Bucky anaamka kijijini Wakanda, kwa aliyefuatilia mlolongo ni kitu, kwa aliyekuja kuangalia Black Panther peke yake ni jamaa fulani mwenye nywele ndefu anatoka kwenye nyumba ya nyasi.

## Hatua ya 5: Soma majina yanayopanda kama ramani

Umeamua kubaki. Usikae kijinga unakodoa macho, majina yana mpangilio unaofanana karibu muvi zote kubwa, na ukiujua unajua uko kijiji gani.

Wanaanza waigizaji wote na majina ya wahusika wao. Halafu wa kuruka na kuanguka. Halafu idara za kazini, kamera, umeme, mavazi, magari, chakula. Halafu linakuja lile jangwa, watu wa picha za kompyuta, kampuni baada ya kampuni, safu tatu nne za majina kwa wakati mmoja, hapa ndo watu wanakata tamaa wanaondoka. Usiondoke hapa. Hapa uko Misungwi, Mwanza bado hujafika.

Ukiona orodha ya nyimbo, jina la wimbo, nani katunga, nani kaimba, kwa ruhusa ya nani, hapo umeingia mjini. Baada ya nyimbo zinakuja shukrani kwa nchi na majimbo waliyopigia picha, kisha nembo ndogo ndogo za vyama na mitambo ya sauti kama Dolby, kisha aya ya kisheria yenye ile alama ya © na mwaka, inayosema wahusika wote ni wa kubuni. Kuanzia nyimbo mpaka pale kwa kawaida ni dakika moja au mbili. Mtu aliyeondoka kwenye nyimbo namhurumia kuliko aliyeondoka mwanzo.

Baada ya aya ya kisheria ni giza. Kama kipande kipo, kinatokea hapo. Nembo kubwa ya studio ikirudi ikajaa skrini na sauti imekatika, imekwisha, nyanyuka.

Dokezo lingine: kwenye orodha ya waigizaji pale mwanzo wa kupanda, ukiona mhusika ambaye una uhakika hujamwona leo, tega sikio, anaweza akawa bado yuko njiani. Ila kinyume chake hakithibitishi kitu, mgeni wa kushtukiza anaweza kufichwa kabisa asitajwe.

Na taa zisikudanganye. Muvi ya sinema siku hizi ni faili, na ndani ya faili kunaweza kuwekwa alama zinazoonyesha majina yanaanzia wapi na yanayopanda yanaanzia wapi, anayeendesha mtambo anazitumia kupanga taa. Taa kupanda nusu maana yake majina yameanza kupanda, haina maana muvi imeisha.

## Hatua ya 6: Muulize mama mwenye fagio

Sitanii, hii ndo njia sahihi kuliko zote na haili bando. Majina yakianza angalia mlangoni. Kuna mtu kasimama na fagio na mfuko wa taka, anangoja mtoke asafishe bisi zenu kabla ya shoo inayofuata. Huyo mtu ameisikia muvi hiyo hiyo mara tatu kwa siku wiki nzima, na kujua inaisha saa ngapi ni kazi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Eti huko mwisho kuna kitu?"

"Kipo, kidogo tu. Yule mwanamke anarudi."

Ndo hivyo, akakuspoilia na wewe. Kwahiyo swali liulizwe vizuri: "Nikae au niende?" Atakwambia kaa, au atakwambia nenda baba hamna kitu, na kama anakwambia nenda huku ameshaanza kufagia safu yako, ujue ni nenda kweli. Siku moja nilikuta mama huyo anachungulia saa ananiambia "bado dakika nne", nikachungulia hesabu yangu, nne kweli. Tangu siku ile namsalimia kama shangazi.

## Mfano mzima: Black Panther: Wakanda Forever

Novemba 2022 nilienda na mdogo wangu anayekaa Nyegezi. Nikawa nimeshaangalia mchana, jibu langu lilikuwa: katikati kipo, mwisho hamna. Urefu dakika 161.

Tiketi ilisema saa moja na nusu usiku. Nembo ya kwanza ikatokea saa 1:45. Saa 1:45 ukiongeza saa mbili na dakika 41 ni saa 4:26. Hiyo ndo saa ya giza la mwisho.

Muvi inafika kwenye mwisho wake Shuri yuko ufukweni Haiti na moto, Rihanna anaanza kuimba, majina yanaanza yale yanayokaa. Nachungulia: saa 4:15 hivi. Kwahiyo zimebaki kama dakika kumi na moja za majina. Nusu ya ukumbi wakanyanyuka pale pale, na jamaa mmoja mbele yetu akawa amesimama anavaa jaketi kwenye skrini yangu. Nikamwambia kaka kaa kidogo, akaniangalia kama namkopa.

Baada ya dakika chache tu kipande kikaja, tukiwa bado pale pale Haiti, na huyu jamaa alikiangalia akiwa amesimama mkono mmoja kwenye jaketi mwingine hewani. Sikisemi ni nini kwa ajili ya wale ambao bado, ila kwenye muvi hii ndo kipande nadra ambacho kinaongeza kitu kwenye stori ya leo yenyewe, hakiuzi ya kesho. Ungekikosa ungejuta.

Kikaisha, maandishi madogo yakaanza kupanda. Sisi tukanyanyuka kwa amani, tukamkuta shangazi na fagio, tukatoka, tukapata gari. Waliobaki ndani walikuwa wengi, wamejipanga na bisi zao, wamezoea kwamba hizi huwa na viwili. Hamna kilichokuja. Tofauti ya kati yetu na wao ni kuchungulia dakika mbili mchana.

## Ukiwa kibandaumiza au nyumbani

Kibandaumiza sahau. Muvi iliyotafsiriwa mara nyingi majina yamekatwa, kwasababu anayetafsiri hana cha kutafsiri pale, na mwenye banda anataka aingize mpira. Kipande cha katikati kinaweza kubakia, cha mwisho mara nyingi kinaondoka na majina.

Kwenye laptop angalia kwanza urefu wa faili na ulinganishe na urefu rasmi. Ikiwa rasmi ni 161 na lako ni 150, kuna kitu kimekatwa, na kwa kawaida ni mkia. Ila likiwa 154 na nusu hivi usimlaumu aliyekupa flashi, zipo nakala za televisheni na dividii zinazokimbizwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, muvi inapungua kama asilimia nne bila kukatwa kitu.

Ukiwa na VLC kwenye Windows usisubiri majina, bonyeza `Ctrl` na mshale wa kulia unaruka dakika moja moja, ukikaribia mwisho tumia `Alt` na mshale unaruka sekunde kumi. Ukipita mpaka wa majina yanayokaa na yanayopanda ruka polepole, kile cha katikati kinaweza kuwa kifupi ukakiruka chote.

Netflix yenyewe ina haraka kuliko konda. Majina yakianza inaibana muvi kwenye kona inaanza kukupeleka kwenye nyingine. Kuna kitufe cha `Watch Credits`, kibonyeze fasta, kinakaa sekunde chache.

## Pale ambapo mwongozo huu hautakusaidia

Kujua kwamba kipande kipo hakukwambii kama ahadi yake itatimizwa. Black Adam ya 2022 ilimleta Superman wa Henry Cavill katikati ya majina, watu wakapiga kelele ukumbini kama Simba na Yanga, na muvi iliyoahidiwa pale haikuja, studio ilibadilisha mipango yote na Superman akapewa mtu mwingine. Kwahiyo kipande kinachotangaza kijacho kipime kwa namna hii, kama hutaki kuifuata hiyo muvi ijayo, hukidai chochote, nenda.

Na usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Pathaan ya 2023 wamemweka Shah Rukh Khan na Salman Khan wamekaa relini wanaongea kuhusu nani atachukua nafasi yao wakizeeka. Hakuna risasi, hakuna muvi ijayo iliyotajwa, ni wazee wawili wanajitania kazi ya miaka thelathini. Nilikiangalia nikiwa nimebeba mfuko mkononi tayari nimesimama, yule niliyekuwa nae ananivuta shati twende, nikamwambia ngoja kwanza wamalize maongezi, bajaji zipo.